Maji Dhaifu Ghorofani: Jinsi ya Kuchunguza Jengo Lenye Pampu ya Kusukumia Maji

Bonde la chini la mto Rufiji ni nchi tambarare. Kutoka Kibiti kuelekea Nyamisati na vijito vya mikoko, ardhi inashuka polepole mno hadi baharini, wala hakuna kilima cha karibu ambacho maji yangeweza kuhifadhiwa juu yake na kuteremka yenyewe hadi majumbani. Mahali pa namna hiyo mtu anayetaka maji ghorofani hana budi kuyapandisha mwenyewe, ama kwa kujenga mnara wa tangi, ama kwa kufunga pampu ya umeme inayosukuma maji moja kwa moja ndani ya mabomba ya jengo. Njia hii ya pili imeenea katika nyumba za wageni, zahanati na mabweni, kwa kuwa haihitaji mnara.

Lakini mara nyingi hutokea kwamba pampu ipo, inanguruma, na maji ya ghorofa ya chini yanatoka kwa nguvu, ilhali ghorofa ya juu yanachuruzika tu. Hapo mwenye jengo huamua kununua pampu kubwa zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uamuzi huo unaweza kuzidisha ubaya badala ya kuuondoa, na kwamba kwa geji mbili, ndoo na saa, mwanafunzi wa sekondari anayeielewa fizikia yake anaweza kutambua ugonjwa ulipo kabla ya fedha yoyote kutumika.

Kanieneo kama kimo cha maji

Kanieneo, ambayo mafundi huiita presha, ni kani inayobana juu ya kila kipande cha eneo. Katika maji yaliyotulia hutegemea kina:

P = ρgh

Tukichukua maji yenye densiti ya kilogramu 1,000 kwa kila mita ya ujazo, na g ya 9.8, basi maji yenye kimo cha mita 10 yana kanieneo ya paskali 98,000, yaani kilopaskali 98. Kiasi hicho ni karibu sawa na kipimo 1 kwenye geji iliyoandikwa "bar". Kwa hiyo ni rahisi kuisema kanieneo kwa mita za maji. Geji ikionyesha bar 3, tunasema pampu inatoa takriban mita 30: kama bomba lingeachwa wazi na kusimamishwa wima, maji yangepanda mita 30 kisha yangesimama.

Njia hii ya kuhesabu ina faida kubwa. Kila mita ambayo maji yanapanda ndani ya jengo hutumia mita moja ya kanieneo. Kama pampu inatoa mita 30 na bomba la kuogea liko mita 11 juu ya pampu, basi maji yakiwa yametulia bomba hilo lina mita 19. Hakuna pampu wala fundi awezaye kuikwepa gharama hiyo ya kimo.

Maji yanapoanza kwenda, gharama ya pili huongezeka, nayo ni msuguano ndani ya mabomba, viungo na machujio. Gharama hii haifanani na ile ya kwanza. Maji yaliyotulia hayana msuguano hata kidogo. Yakienda, msuguano huongezeka takriban kwa mraba wa mwendo wake: maji yakipita mara mbili kwa wingi katika bomba lile lile, hasara inakuwa mara nne. Msomaji aikumbuke tofauti hii, maana uchunguzi wote unaofuata umejengwa juu yake.

Jengo la mfano

Tuchukue nyumba ya wageni mjini Kibiti, yenye ghorofa tatu juu ya sakafu ya chini. Maji ya kisima huingia katika tangi la saruji lililozikwa ardhini. Pampu imefungwa juu ya ardhi, na uso wa maji tangini uko mita 2 chini yake. Bomba la kuvutia linashuka ndani ya tangi, na mwishoni mwake kuna vali inayozuia maji yasirudi, pamoja na chujio. Upande wa pili wa pampu kuna geji, tangi dogo la presha, na swichi ambayo huiwasha pampu kanieneo ikishuka hadi mita 20 na kuizima ikifika mita 32. Shawa za ghorofa ya tatu ziko mita 11 juu ya pampu.

Kibati kilichopigiliwa kwenye pampu kinaeleza uwezo wake kwa herufi mbili: Q ni wingi wa maji kwa dakika, na H ni kimo ambacho pampu inaweza kuyapandisha. Katika pampu yetu H ya juu kabisa ni mita 42, nayo hupatikana wakati hakuna maji yanayopita. Q ikifika lita 70 kwa dakika, H hupungua hadi mita 18. Yaani pampu ya namna hii hutoa ama kimo kingi au maji mengi, lakini haitoi vyote viwili kwa mara moja.

Kabla ya kugusa chochote, tufanye hesabu moja. Swichi huiwasha pampu kwenye mita 20. Ukiondoa mita 11 za kimo, shawa ya juu inabakiwa na mita 9 hata wakati mbaya kuliko wote, na hizo zinatosha kuogea. Laiti swichi ingekuwa imewekwa iwashe pampu kwenye mita 14, shawa ingebakiwa na mita 3 tu kabla pampu haijaamka, na mgeni angelalamika ingawa hakuna kitu kilichoharibika. Katika hali hiyo dawa ni kurekebisha swichi, bila kusahau kwamba mita za kuzimia ni lazima zibaki chini ya uwezo wa juu wa pampu, la sivyo haitazimika kamwe. Katika jengo letu swichi haina kosa.

Kipimo cha kwanza: maji yakiwa yametulia

Mabomba yote hufungwa na pampu huachwa ifanye kazi. Geji ilipanda bila kusitasita hadi mita 32, kisha swichi ikaizima pampu. Kwa nusu saa geji haikushuka.

Kipimo hiki kinatuambia mambo mawili. Kwanza, hakuna uvujaji mkubwa ndani ya jengo, maana kama ungekuwapo geji ingeshuka na pampu ingewaka tena bila mtu kufungua bomba. Pili, moyo wa pampu, yaani impela inayozunguka na mota inayoizungusha, bado ni mzima. Pampu ambayo impela yake imeliwa na mchanga au na maji ya chumvi haifiki mita za kuzimia. Huendelea kunguruma na kupata joto. Vivyo hivyo pampu ya umeme wa njia tatu ambayo nyaya zake mbili zimebadilishana nafasi: hiyo huzunguka kinyume, maji hutoka, ila kanieneo yake huwa pungufu sana. Mshale uliochongwa juu ya pampu huonyesha upande unaotakiwa. Na umeme ukiwa dhaifu jioni, mzunguko hupungua, na kimo hupungua kwa mraba wa mzunguko: mzunguko ukipungua kwa asilimia 10, mita 42 huwa mita 34 hivi. Dalili yake ni kwamba tatizo huja jioni na kuondoka usiku wa manane.

Mafundi wengi huishia hapa. Wanaona geji inasoma mita 32, wanasema pampu ni nzima, na kwa hiyo kosa lazima liwe ni udogo wa pampu. Lakini tumekwisha kusema kwamba maji yaliyotulia hayana msuguano. Bomba lililozibwa kwa sehemu tisa katika kumi huonyesha, maji yakiwa yametulia, kanieneo ile ile ya bomba lililo wazi. Kipimo cha utulivu huficha kizuizi.

Kipimo cha pili: maji yakiwa yanakwenda

Sasa geji ya pili hufungwa kwenye bomba la ghorofa ya tatu, usawa wa shawa. Shawa tatu za ghorofa hiyo hufunguliwa kwa pamoja na mengine yote hufungwa. Maji yanayotoka hukingwa kwa ndoo ya lita 20 na muda wake hupimwa, kisha geji mbili husomwa kwa wakati mmoja. Jengo letu lilitoa majibu haya:

Ndoo ilijaa kwa sekunde 54, yaani lita 22 hivi kwa dakika. Geji ya pampu ilisoma mita 16. Geji ya juu ilisoma mita 3.

Tofauti ya geji mbili ni mita 13. Katika hizo, mita 11 ni kimo cha jengo. Zinabaki mita 2, ambazo ni msuguano wote kutoka kwenye pampu hadi ghorofa ya tatu. Hasara hiyo ni ndogo. Kwa hiyo bomba linalopanda ni zima, na si lazima kuubomoa ukuta hata mmoja.

Mambo yangekuwa tofauti kama geji ya pampu ingesoma mita 30 na ya juu mita 3. Hapo mita 16 zingekuwa zimepotea njiani, na tungetafuta koki iliyofunguliwa nusu au bomba la chuma lililojaa kutu. Kutu haina mzaha: kwa wingi ule ule wa maji, msuguano hubadilika takriban kinyume cha kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Bomba la milimita 25 likibanwa na kutu hadi milimita 15, hasara yake huwa karibu mara 13 ya ile ya mwanzo.

Katika jengo letu upungufu uko kwenye pampu au nyuma yake. Kibati kinatuwezesha kukisia kwamba kwa lita 22 kwa dakika pampu hii ingetoa mita 39 hivi. Ukiondoa mita 2 za kuvuta maji kutoka tangini, geji ingesoma karibu mita 37. Ilisoma 16. Mita 21 zimepotea, na zimepotea wakati maji yanakwenda tu. Pampu iliyo nzima katika utulivu na dhaifu katika mwendo hutufanya tutazame upande ambao watu huusahau, yaani upande wa kuvutia.

Upande wa kuvutia na mpaka wake

Tunasema kwamba pampu huvuta maji, lakini kwa hakika pampu hupunguza tu kanieneo mlangoni mwake, kisha hewa iliyo juu ya tangi huyasukuma maji yaingie. Evangelista Torricelli alilieleza jambo hili katika barua yake ya mwaka 1644, aliposema kwamba tunaishi chini ya bahari ya hewa. Uzito wa hewa hiyo, kwenye usawa wa bahari, unaweza kuinua maji mita 10.3 tu. Hiyo ndiyo akiba yote iliyoko upande wa kuvutia, na hakuna mota inayoweza kuiongeza.

Katika jengo letu mita 2 za akiba hiyo hutumika kuyapandisha maji kutoka tangini. Zinabaki mita 8 na kidogo. Chujio likiziba, msuguano wake hula akiba iliyobaki. Msomaji makini atauliza: ikiwa akiba ni mita 8 tu, imekuwaje tukapoteza mita 21? Jibu ni kwamba kanieneo ikishuka mno mlangoni mwa pampu, maji huchemka humo ndani ingawa hayana joto. Viputo vya mvuke huijaza impela, nayo huanza kupiga mvuke badala ya maji, ikashindwa kutoa kimo chake. Viputo hivyo vinapofika sehemu yenye kanieneo kubwa huvunjika kwa kishindo na kuitoboa impela polepole. Sikio hulitambua tatizo: pampu hulia kana kwamba inasaga kokoto.

Pampu ya Kibiti ililia hivyo, tena pale tu shawa zilipofunguliwa. Umeme ulikatwa, bomba la kuvutia likatolewa tangini, na chujio lilionekana limefunikwa na utando mzito wa rangi ya kutu. Chanzo chake kinafahamika. Maji ya kisima yenye chuma hutoka ardhini yakiwa meupe. Yakikutana na hewa tangini, chuma kilichoyeyuka hugeuka kuwa chembe nyekundu, na zipo bakteria zinazoishi kwa chuma hicho na kuacha utelezi unaonasa kila kitu.

Kabla ya kulitoa bomba ilipasa kuondoa shaka moja, kwa sababu hewa inayopenya kwenye kiungo kilicholegea upande wa kuvutia nayo huidhoofisha pampu. Dalili zake ni nyingine. Maji hutoka yakitema hewa, au huonekana kama maziwa kwenye bilauri kisha hutakata kuanzia chini kwenda juu. Aidha, kiungo kilicholegea kikipakwa povu la sabuni wakati pampu inafanya kazi, povu hunyonywa ndani. Katika jengo letu maji yalitoka bila hewa, na povu halikunyonywa.

Chujio lilisafishwa, bomba likarudishwa na pampu ikajazwa maji kabla ya kuwashwa. Kipimo cha pili kilirudiwa vile vile. Ndoo ilijaa kwa sekunde 28, yaani lita 43 kwa dakika. Geji ya pampu ilisoma mita 30, na ya juu mita 11 na nusu. Tazama kwamba msuguano wa bomba linalopanda sasa ni mita 7 na nusu badala ya 2. Bomba halikuharibika, maji yameongezeka karibu mara mbili, na kanuni ya mraba imefanya kazi yake. Ndiyo sababu geji zisomwe pamoja na ndoo, maana hasara ya kanieneo isiyoambatana na wingi wa maji haina maana.

Kwa nini pampu kubwa haikuwa dawa

Ghorofa ya juu hulalamika kwanza kwa sababu ndiyo yenye akiba ndogo. Geji iliposoma mita 16, bomba la sakafu ya chini lilikuwa bado na mita 15, na watu wa chini hawakuona dosari yoyote. Kwa hiyo dalili ilikuwa juu, lakini ugonjwa ulikuwa chini kabisa, ndani ya tangi.

Pampu kubwa ingejaribu kupitisha maji mengi zaidi katika chujio lile lile. Msuguano ungeongezeka kwa mraba, akiba ya hewa ingekwisha mapema zaidi, na viputo vingeila impela mpya. Kisha siku ambayo chujio lingesafishwa, mabomba ya sakafu ya chini yangebeba kanieneo ambayo viungo vyake havikutengenezewa.

Iko njia nyingine ya mkato iliyo mbaya zaidi, nayo ni kuliunganisha bomba la kuvutia moja kwa moja na bomba kuu la mtaa. Pampu ikivuta kwa nguvu, kanieneo katika bomba la mtaa inaweza kushuka chini ya ile ya hewa. Mahali popote bomba hilo linapovuja, maji ya udongoni huingia badala ya maji safi kutoka. Mwezi Aprili mwaka 2024 mafuriko yalizifunika sehemu kubwa za Rufiji na Kibiti. Katika majira kama hayo maji yanayolizunguka bomba lenye ufa yamechanganyika na ya vyoo, na pampu ya jirani mmoja yaweza kuyanywesha maji hayo nyumba nyingi. Tangi lililo kati ya bomba la mtaa na pampu ndilo linaloizuia hatari hiyo.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuionyesha kanuni kuu ya makala haya bila pampu. Weka ndoo ya maji juu ya meza na uteremshe mpira mwembamba kutoka humo hadi sakafuni. Karibu na mwisho wa mpira unganisha mrija unaopenya mwanga, usimame wima hadi juu ya usawa wa ndoo. Ziba mwisho wa mpira: maji mrijani yatasimama sawa na maji ya ndoo. Sasa ubane mpira karibu na ndoo kwa kibanio, lakini usiufunge kabisa. Maji mrijani hayatashuka. Kisha fungua mwisho wa mpira, nayo yatashuka ghafla. Ondoa kibanio, yatapanda tena ingawa hayatafikia usawa wa ndoo.

Wanafunzi wajibu maswali haya:

1. Kwa nini kibanio hakikuonekana mwisho wa mpira ulipokuwa umezibwa?

2. Jengo jingine lina shawa iliyo mita 14 juu ya pampu. Shawa ikiwa wazi, geji ya pampu inasoma mita 33 na geji ya shawa mita 4. Msuguano ni mita ngapi, na fundi aanze kutafuta wapi?

3. Ikiwa uso wa maji tangini utashuka kutoka mita 2 hadi mita 5 chini ya pampu, akiba ya kuvutia itabaki mita ngapi, na ni wakati gani wa mwaka jambo hilo laweza kutokea katika kisima kifupi?